Vizibo vitano mezani: kwa nini mlinganyo wa daraja la tano hauna fomula

Mwanafunzi wa Uganda anayefika S.4 anakuwa ameikariri fomula ya mlinganyo wa daraja la pili mpaka anaweza kuiandika akiwa nusu usingizini: x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a. Wengi hawaambiwi kwamba daraja la tatu nalo lina fomula yake, na la nne pia. Zote mbili zilichapishwa na Cardano huko Italia mwaka 1545, ile ya nne ikiwa kazi ya mwanafunzi wake Ferrari. Ni ndefu, zinachosha, na hakuna mwalimu mwenye huruma atakayekulazimisha kuzitumia, lakini zipo. Daraja la tano halina.

Nafundisha hesabu A-level hapa Busia, upande wetu wa mpaka, na habari hii huwa naitupia darasani tu kama kionjo. Aliyenibana ni mpwa wangu wa S.5, likizo iliyopita, tukiwa tumekaa barazani. Nilimwambia halina fomula, akanikodolea macho. "Lakini mjomba, labda hawajatafuta vya kutosha."

Swali zuri hilo, kwa sababu kwa karibu miaka 250 baada ya Cardano watu walitafuta wakiamini hivyohivyo. Mwaka 1799 Ruffini, Mwitaliano, alisema fomula haiwezekani, ila hoja yake ilikuwa na pengo. Mwaka 1824 Abel, kijana wa Norwe, akaliziba katika kijitabu cha kurasa sita alichokichapisha kwa fedha zake mwenyewe. Kurasa sita! Kwa hiyo jibu kwa mpwa wangu ni kwamba hapa hatuzungumzii kitu kilichopotea. Tunazungumzia kitu ambacho kikiwepo kitajipinga chenyewe, na inawezekana kuona kinavyojipinga ukiwa na vizibo vitano vya soda na meza.

Kwanza tuelewane kinachokataliwa. Mlinganyo wa daraja la tano una majawabu matano daima, ukihesabu namba changamano na ukihesabu jawabu linalojirudia kila linapojirudia. Hayo hayana ubishi. Unaweza pia kuyakaribia kwa kikokotoo kwa usahihi wowote unaoutaka. Kinachokataliwa ni fomula moja ya jumla, inayoanza na namba za mlinganyo wenyewe, ikitumia kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na vipeuo tu (cha pili, cha tatu, cha tano, chochote kile), ikamaliza na jawabu.

Njia ninayoipenda ni ya Vladimir Arnold, Mrusi aliyewafundisha wanafunzi wa sekondari wa Moscow jambo hili miaka ya 1960. Yeye hakuitazama fomula ikiwa imetulia. Aliutikisa mlinganyo, akaangalia fomula inafanya nini.

Chukua mlinganyo mdogo kabisa, x² = c. Tuanze na c = 1. Majawabu ni 1 na −1. Sasa usiiache c mahali pake. Itembeze polepole kwenye duara kuzunguka sifuri, katika uwanja wa namba changamano, ambako kila namba ni nukta kwenye bapa, mpaka irudi kwenye 1. Majawabu nayo yanatembea, ila kwa mwendo wa nusu, kwa sababu kipeuo cha pili kinagawa pembe kwa mbili. Wakati c imemaliza duara zima, jawabu lililokuwa 1 limekwenda nusu duara tu na sasa limesimama kwenye −1. Lile lililokuwa −1 limefika kwenye 1. Mlinganyo umerudi kama ulivyokuwa, lakini majawabu yamebadilishana viti.

Inawezekana pia kuanza upande wa pili. Shika majawabu, uyatembeze wewe mwenyewe mpaka yabadilishane nafasi, na namba za mlinganyo zitafuata zenyewe. Katika x² − Sx + P, S ni jumla ya majawabu na P ni zao lake. Jumla na zao havijali nani amekaa wapi, kwa hiyo yakishabadilishana, S na P zimerudi palepale zilipoanzia. Daraja la tano ni vivyo hivyo: namba zake zote zinatengenezwa na majawabu matano kwa njia isiyobagua nafasi. Badilishana yoyote ya majawabu matano, kati ya zile 120 zinazowezekana, unaweza kuifanya kwa mwendo wa taratibu bila majawabu kugongana, na namba za mlinganyo zitafanya safari kisha zirudi nyumbani.

Tayari tuna silaha. Tuseme mtu amekuletea fomula isiyo na kipeuo hata kimoja, ya kujumlisha na kuzidisha na kugawanya tu, akadai inatoa jawabu la kwanza. Fanya safari inayobadilisha jawabu la kwanza na la pili. Namba za mlinganyo zimerudi, kwa hiyo fomula yake imerudi kwenye thamani ileile. Lakini kama fomula ilikuwa inalifuata jawabu la kwanza njia nzima, ilitakiwa sasa iwe kwenye kiti cha pili. Haiwezi kuwa kote kuwili. Fomula hiyo ni uongo, na hatukuhitaji hata kuisoma.

Vipeuo ndivyo vinavyoiokoa fomula, maana kipeuo kinaweza kutorudi nyumbani hata kama kilichomo ndani yake kimerudi. Tumekiona kikifanya hivyo kwenye x² = c. Sasa swali ni moja: je, kuna safari ambayo hata kipeuo hakiwezi kuidanganya?

Fikiria mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi. Kigingi ni sifuri, mbuzi ni namba iliyo ndani ya kipeuo. Baada ya safari mbuzi amerudi alipoanzia, lakini kamba imejisokota kwenye kigingi mara kadhaa, na kipeuo kinakumbuka idadi ya misokoto hiyo. Hakikumbuki kitu kingine. Misokoto ikiwa sifuri, kipeuo kinarudi kwenye thamani yake ya mwanzo. Sasa fanya safari A, inayosokota kamba mara k. Kisha safari B, inayosokota mara m. Kisha rudisha A kinyumenyume, halafu rudisha B kinyumenyume. Jumla ya misokoto ni k + m − k − m, yaani sifuri. Haijalishi ni kipeuo cha ngapi, wala A na B ni safari gani. Mfuatano huu wa A, B, A kinyume, B kinyume nitauita nendarudi. (Kama njiani mbuzi atakikanyaga kigingi chenyewe, unachepusha safari kidogo. Haiharibu kitu.)

Kwa hiyo nendarudi yoyote inaiacha fomula yenye tabaka moja la vipeuo mahali pake. Je, ikiwa kuna kipeuo ndani ya kipeuo? Hapo kilicho ndani hakirudi nyumbani kwa safari ya kawaida, ila kinarudi kwa nendarudi. Basi chukua nendarudi mbili, uzifanye zenyewe kuwa A na B, na utengeneze nendarudi ya nendarudi. Tabaka la ndani linatulia kwenye kila kipande, kwa hiyo misokoto ya tabaka la nje inaweza kuhesabiwa, na inafutana kama mwanzo. Matabaka matatu yanahitaji nendarudi za ngazi ya tatu. Na kuendelea.

Hesabu yote sasa imegeuka kuwa swali kuhusu viti. Majawabu yanapofanya nendarudi za ngazi fulani, je, yanarudi kwenye viti vyake, au yanabaki yamebadilishana? Yakibaki yamebadilishana, fomula yenye matabaka hayo imekufa, kwa sababu yenyewe imerudi nyumbani na majawabu hayajarudi.

Majawabu mawili yana badilishana moja tu. Uifanye, uirudie, nendarudi yoyote inaishia bila kitu. Tabaka moja la kipeuo halikatazwi, na kweli fomula yetu ya S.3 ina alama moja ya kipeuo.

Majawabu matatu yanavutia zaidi. A ibadilishe kiti cha 1 na cha 2, na B ibadilishe cha 2 na cha 3. Mfuate aliyekaa kiti cha 1: A inampeleka 2, B inampeleka 3, A kinyume haimgusi, B kinyume inamrudisha 2. Alianza 1, kaishia 2. Ukimfuata wa 2 anaishia 3, na wa 3 anaishia 1. Nendarudi hii haikufuta kitu. Imezaa mzunguko wa watatu. Kwa hiyo daraja la tatu haliwezi kuwa na fomula ya tabaka moja. Lakini nendarudi za ngazi ya kwanza zinatoa mizunguko ya watatu tu, kwenda mbele au nyuma, au kutulia, na mizunguko hiyo ikifanyiwa nendarudi inafutana yote. Matabaka mawili yanaruhusiwa. Fungua fomula ya Cardano utazame: kuna kipeuo cha tatu, na ndani yake kipeuo cha pili. Matabaka mawili kamili. Mimi sehemu hii hunisisimua kuliko ile ya tano yenyewe, kwa sababu umbo la fomula unalijua kabla hujaitafuta.

Kwa majawabu manne, badilishana zote ni 24. Nendarudi za ngazi ya kwanza zinatoa 12. Za ngazi ya pili zinatoa 4 tu: kutulia, na zile tatu ambazo watu wanabadilishana wawili-wawili kwa pamoja. Za ngazi ya tatu zinaacha moja, ya kutulia. Kundi la 24 limeporomoka hadi 12, hadi 4, hadi 1, kwa hiyo daraja la nne linahitaji matabaka matatu.

Hapa ndipo nilipoomba vizibo. Dukani kwa jirani havikosekani, na mpwa wangu alirudi na mkono mzima. Tukachora kwa chaki viti vitano mezani, tukaandika kwenye vizibo vitano 1 mpaka 5 kwa kalamu ya wino, kila kimoja kwenye kiti chake.

Kazi niliyompa ni hii. A: aliyekaa kiti cha 1 aende cha 4, wa 4 aende cha 3, wa 3 aende cha 1. Viti vya 2 na 5 havihusiki. B: aliyekaa kiti cha 1 aende cha 5, wa 5 aende cha 2, wa 2 aende cha 1. Viti vya 3 na 4 havihusiki. Zingatia kwamba amri inahusu viti, si namba iliyoandikwa kwenye kizibo. Kisha afanye A, B, A kinyume, B kinyume.

Fuata kizibo namba 1. A inakipeleka kiti cha 4. B haigusi kiti cha 4. A kinyume inakirudisha kiti cha 1. B kinyume inamtoa aliyekaa 1 na kumpeleka 2. Kimeishia 2.

Kizibo namba 2: A haikigusi, B inakileta kiti cha 1, A kinyume inakitoa 1 kwenda 3, B kinyume haigusi kiti cha 3. Kimeishia 3.

Kizibo namba 3: A inakileta kiti cha 1, B inakipeleka 5, A kinyume haigusi kiti cha 5, B kinyume inakirudisha 1. Kimeishia 1.

Kizibo namba 4 kinakwenda 3, kinarudi 4, basi. Namba 5 kinakwenda 2, kinarudi 5, basi.

Alinyanyua uso. "Vitatu vimezunguka tena, mjomba. Moja kwenda mbili, mbili kwenda tatu, tatu kwenda moja."

Ndiyo, na hapo ndipo kesi inapoamuliwa. A ni mzunguko wa watatu. B ni mzunguko wa watatu. Nendarudi yao ni mzunguko wa watatu. Na hakuna kitu maalumu kuhusu 1, 2 na 3. Ukibadilisha majina ya viti, mzunguko wowote wa watatu katika viti vitano unapatikana kama nendarudi ya mizunguko mingine miwili ya watatu. Sasa panda ngazi. Mizunguko yote ya watatu imo katika ngazi ya kwanza, kwa sababu kila mmoja ni nendarudi. Basi A na B zimo katika ngazi ya kwanza, na nendarudi yao imo katika ya pili. Kwa hiyo mizunguko yote ya watatu imo katika ya pili. Kwa hoja ileile imo katika ya tatu, ya kumi, ya milioni. Haiishi kamwe.

Mtu akikuletea fomula yenye matabaka kumi ya vipeuo, unatengeneza safari ya nendarudi ya ngazi ya kumi inayozungusha majawabu matatu. Ni safari ndefu ajabu, lakini ipo. Fomula inarudi kwenye thamani yake ya mwanzo, na jawabu ililokuwa inalifuata limeshahamia kiti kingine. Imekufa, na matabaka mengine mia hayataifufua.

Katika lugha ya makundi, zile badilishana 120 za vitu vitano zinaitwa S5. Nendarudi zake zinazaa A5, yenye badilishana 60, zile zinazoweza kufanywa kwa kubadilisha wawili-wawili mara shufwa. Nendarudi za A5 zinazaa A5 ileile: 120, 60, 60, 60. Kundi ambalo ngazi zake zinashuka hadi 1 huitwa kundi linalotatulika. S2, S3 na S4 yanatatulika, S5 halitatuliki.

Kwa nini tano na si nne? Tazama tena A na B. Zinashirikiana kiti kimoja tu, cha 1. A inahitaji viti vingine viwili vya kwake, na B viwili vya kwake. Moja na mbili na mbili ni tano. Ukiwa na viti vinne, mizunguko miwili ya watatu lazima igongane kwenye viti viwili au zaidi, na nendarudi yao inaishia kuwa kubadilishana wawili-wawili, au kutulia. Mzunguko wa watatu haupatikani tena kwa njia hiyo, na ngazi inaanza kuporomoka. Kukosekana kwa fomula kumesababishwa na nafasi ya kutosha mezani. Daraja la sita, la saba na kuendelea halihitaji hoja mpya: vizibo vya ziada unaviacha vitulie kwenye viti vyao.

Kuna mipaka miwili ya hoja hii ambayo mpwa wangu aliigundua kabla sijaitaja, na nilifurahi sana. Kwanza aliuliza kuhusu x⁵ = 2, ambao jawabu lake ni kipeuo cha tano cha 2, kwisha habari. Ni kweli. Tulichokikataa ni fomula inayofanya kazi kwa milinganyo yote ya daraja la tano, na safari zetu zilihitaji uhuru wa kutikisa namba zote. Mlinganyo mmoja mmoja unaweza kutatulika. Pili akauliza kama basi kila mlinganyo unaweza kuwa na ujanja wake mdogo wa peke yake, hata kama fomula ya jumla haipo. Hapo Arnold hatoshi, na anahitajika Galois, Mfaransa aliyefariki mwaka 1832 akiwa na miaka 20, na kazi yake ikachapishwa na Liouville mwaka 1846.

Galois aliupa kila mlinganyo kundi lake mwenyewe la badilishana, na akaonyesha kwamba majawabu yanaandikika kwa vipeuo ikiwa kundi hilo linatatulika, na hayaandikiki kama halitatuliki. Chukua x⁵ − 6x + 3 = 0. Namba 3 inagawanya 6 na 3 lakini 9 haigawanyi 3, na kwa kigezo cha Eisenstein hilo linatosha kuonyesha kwamba mlinganyo hauvunjiki vipande kwa namba za sehemu. Kwa kuwa hauvunjiki na 5 ni namba tasa, kundi lake lina mzunguko wa majawabu yote matano. Sasa weka namba upande wa kushoto: x = −2 inatoa −17, x = −1 inatoa 8, x = 1 inatoa −2, x = 2 inatoa 23. Alama imegeuka mara tatu, kwa hiyo kuna majawabu halisi yasiyopungua matatu. Mchoro wake unageuka mara mbili tu, kwa hiyo hayazidi matatu. Mawili yaliyobaki ni changamano, mapacha wa kioo, na kugeuza kioo kunayabadilisha hayo mawili huku matatu yakitulia.

Mzunguko wa watano pamoja na badilishana moja ya wawili vinazaa badilishana zote 120. Kundi la mlinganyo huu ni S5 zima, kwa hiyo hakuna hata jawabu lake moja linaloandikika kwa vipeuo, kwa ujanja wowote ule. Jawabu lililo kati ya 0 na 1, hata hivyo, ukianza na 0.5 kwa njia ya Newton, hatua moja tu inakufikisha kwenye 0.5055, ambayo ni sahihi kwa desimali zote nne.